Hodi kwa Profesa

Sisi watu wa pwani hatuanzi na shida. Ukifika kwa mtu unapiga hodi, unakaribishwa, unaulizwa habari za nyumbani na za watoto, na hata kama umekuja kukopa mchele husemi neno mpaka kahawa iishe. Adabu hiyo ndiyo inayowaponza vijana wetu wanapomwandikia profesa wa ng'ambo kwa mara ya kwanza, kumwomba awasimamie shahada ya uzamivu. Kahawa yao inachukua aya tatu, na profesa ameshafunga barua kabla mchele haujatajwa.

Nimezisoma rasimu nyingi za namna hiyo. Ili nisimwaibishe mtu, tumchukue binti wa kubuni niliyemuunga kutokana na wengi. Amezaliwa Jambiani, mashariki ya Unguja, ana shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari, na anamwandikia profesa wa Ujerumani anayechunguza namna joto linavyodhuru mwani. Ujerumani nimeichagua kwa makusudi. Kule, kwa utaratibu wa zamani ambao bado umeenea, humpati msimamizi kwa kudahiliwa chuoni. Unampata msimamizi kwanza, na bila maandishi yake ya kukubali hata maombi ya ufadhili wa DAAD hayaendi mbali. Marekani ni tofauti: idara nyingi hupokea wanafunzi kupitia kamati, na profesa akikujibu vizuri hajakupa nafasi.

Rasimu yake ya kwanza, ambayo hapa naileta kwa Kiswahili, ilipita maneno 600. Ilianza hivi: "Mheshimiwa Profesa, natumaini barua hii inakukuta u mzima wa afya. Mimi ni mtoto wa tano kati ya saba, na tangu utotoni nimeipenda bahari." Utafiti wake ulitokea aya ya nne kwa sentensi moja tu: "Nilitafiti changamoto za kilimo cha mwani." Kisha: "Nimevutiwa mno na kazi zako bora, ambazo zinalingana kabisa na mambo ninayoyapenda."

Sentensi hiyo ya mwisho ina kipimo chake. Futa jina la profesa, weka la mwenzake anayetafiti kasa au matumbawe, kisha soma tena. Ikiwa barua bado inasimama, haijasema lolote juu ya kulingana. Profesa anayepokea barua kama hizo kila wiki hulijua hilo bila kufanya jaribio, na wapo ambao hulithibitisha wenyewe kwa kusahau kubadilisha jina la yule waliyemwandikia jana. Kutaja anwani ya makala yake hakusaidii pia, kwa sababu anwani husomeka bila kuifungua makala.

Kinacholinganisha watu wawili ni swali. Mmoja ameliacha wazi, mwingine ana kitu mkononi kinacholigusa. Kulipata kunataka kusoma makala mbili au tatu za profesa za miaka ya karibuni, na kuzisoma kwa nyuma: anza na kurasa za mwisho, pale mtafiti anapokiri kazi yake iliishia wapi. Tuseme profesa wetu aliotesha mwani ndani ya matangi yenye joto lisilobadilika, na mwishoni akakiri kwamba hakujaribu joto linalopanda na kushuka ndani ya siku moja, kama la ufukweni.

Mtu wa Jambiani akiisoma sentensi hiyo lazima atabasamu. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na mashamba mengi yako kwenye maji mafupi, mbegu zimefungwa kwenye kamba zilizotandikwa kati ya vijiti. Siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kinachobaki shambani huchomwa na jua kuelekea adhuhuri. Kisha bahari inajaa na kupoa. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, hauvumilii hali hiyo kama spinosamu: matawi hugeuka meupe, yanalegea, yanakatika. Binti wetu aliacha vipimajoto kwenye mashamba kwa miezi sita. Alichokihitaji profesa kilikuwa ndani ya tasnifu yake, naye akakizika chini ya watoto saba.

Barua ya pili ikawa hii. Kichwa chake kilisema "Msimamizi wa uzamivu: joto la maji kupwa na ugonjwa wa kotonii, Zanzibar", na chini yake:

"Profesa, katika makala yako kuhusu kotonii kwenye matangi umeandika kwamba athari ya joto linalobadilika ndani ya siku haijapimwa. Kwa shahada yangu ya uzamili nilipima joto kila nusu saa kwa miezi sita katika mashamba mawili ya Jambiani, moja la maji mafupi na jingine la maji ya kina, na kila wiki nilihesabu matawi yaliyogeuka meupe. Kwenye maji mafupi weupe ulianza mapema zaidi, hasa baada ya bamvua. Lakini mwezi mmoja ulitokea kwenye kina pia, na joto peke yake halielezi kwa nini. Ningependa kulifuata swali hilo katika uzamivu, shambani na kwenye matangi. Je, unatarajia kupokea mwanafunzi mwakani? Nakusudia kuomba ufadhili wa DAAD, ambao unahitaji kibali cha msimamizi. Nimeambatisha wasifu wangu na muhtasari wa tasnifu, kurasa mbili."

Ni chini ya maneno 120. Hakuipunguza ile ya kwanza, aliitupa. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "fupisha". Ukifupisha barua isiyo na swali unabaki na barua fupi isiyo na swali. Baada ya swali kupatikana, ya nyumbani na ya utotoni hayakuwa na mahali pa kukaa. Alama za mitihani zilihamia kwenye wasifu. Sifa za profesa hazikuhitajika, maana kuisoma kazi yake mpaka ukurasa wa mwisho ni heshima tosha.

Sentensi niliyompigania isitoke ni ile ya mwezi mmoja uliomshinda. Yeye aliiona kama aibu. Mimi naona ndiyo iliyobeba barua nzima, kwa sababu mtu asiye na fumbo hana haja ya miaka mitatu au minne ya uzamivu. Ombi nalo lina swali moja linalojibika kwa "ndiyo" au "hapana". Rasimu ya kwanza iliomba usimamizi, udahili, fedha na ushauri wa maisha kwa pamoja, na mzigo kama huo mtu huuweka kando mpaka ausahau.

Kimya cha wiki mbili si jibu. Hapo anaruhusiwa kukumbusha mara moja, mistari miwili, juu ya barua ileile. Kimya cha pili ni jibu, na profesa mwingine hataandikiwa barua hiyohiyo: makala zake zitasomwa upya, na huenda swali likawa la mbegu, au la bei, au la magonjwa.

Jibu likija, mara nyingi huwa fupi kuliko barua yenyewe. La huyu lingeweza kuwa maneno manne: "Chumvi ya maji ulipima?"

Hapo mtu hushawishika kujitetea kwa aya tatu. Tulikubaliana aandike: "Hapana. Mwezi ule ulikuwa wa masika, na mvua zilinyesha sana. Ningeanza na hilo."