Panya saba, kofia moja na namba ya katikati

Panya 16 walifanyiwa upasuaji wa majaribio. Saba kati yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa tiba iliyotarajiwa kuwarefushia maisha baada ya kupasuliwa. Tisa waliobaki hawakupewa. Kisha watafiti wakahesabu siku ambazo kila panya aliishi. Wengi waliosoma takwimu wamekutana na panya hawa katika kitabu cha Bradley Efron na Robert Tibshirani kilichotoka mwaka 1993.

Tukiwapanga kuanzia aliyekufa mapema zaidi, waliopata tiba waliishi siku 16, 23, 38, 94, 99, 141 na 197. Wasiopata tiba waliishi siku 10, 27, 30, 40, 46, 51, 52, 104 na 146.

Namba inayokaa katikati ya orodha iliyopangwa hivi huitwa mediani. Kwa kundi la tiba ni 94, na kwa kundi la pili ni 46. Kwa macho, tiba imeongeza maisha mara mbili. Lakini panya ni saba tu, na kesho wangechaguliwa saba wengine. Je, hiyo 94 ingebaki palepale au ingehama? Na kama ingehama, ingekwenda umbali gani?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitumie wastani wa kawaida. Sababu ni kwamba wastani huyumbishwa na mmoja aliyezidi wenzake. Yule panya wa siku 197 angeishi hadi 400, wastani wa kundi lake ungeruka kutoka siku 87 hadi 116, ilhali mediani isingetikisika. Kwa hiyo panapokuwa na wachache waliopitiliza, mediani hueleza vizuri zaidi hali ya yule wa kawaida.

Shida huja pale unapotaka kujua mediani hiyo ni ya kuaminika kiasi gani. Kwa wastani kuna kanuni fupi: unapima jinsi data ilivyotawanyika, unagawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, unapata kosa sanifu, yaani kadirio la kiasi ambacho jibu lako lingeyumba kama ungechukua sampuli nyingine. Kwa mediani nayo ipo kanuni, ila inadai jambo usilolijua. Inataka umwambie jinsi panya wote wa aina ile, hata ambao hukuwapima, walivyosongamana pale karibu na mediani. Wakisongamana, mediani hutulia, kwa sababu ukimkosa mmoja, wa pili yuko jirani yake. Wakiwa wachache na wameachana, kumkosa mmoja hukurusha mbali. Sasa ukiwa na panya saba, msongamano huo utaupimaje?

Mwaka 1979 Efron, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha njia inayoikwepa kanuni hiyo kabisa. Aliiita butstrapu, kwa kufuata msemo wa Kiingereza wa mtu anayejinyanyua kwa kuvuta kanda za buti zake mwenyewe. Wazo lake ni hili: kama huwezi kurudi kwa panya wote wa dunia ukachagua saba wengine, basi wachukulie hao saba ulionao kuwa ndio dunia yenyewe, uchague kutoka kwao.

Unaweza kuifanya mezani kwako. Andika zile namba saba kwenye vikaratasi saba, utie kofiani. Chota kimoja bila kutazama, andika namba yake, kisha ukirudishe kofiani kabla ya kuchota kingine. Fanya hivyo mara saba. Kukirudisha ndiko kunakoifanya kazi yote. Usipokirudisha, utamaliza vikaratasi vyote saba na mediani itakuwa 94 daima. Ukikirudisha, panya mmoja anaweza kutokea mara mbili au tatu na mwingine asitokee kabisa, kama inavyotokea katika uchaguzi wowote wa bahati nasibu.

Tuseme mara ya kwanza zimetoka 38, 141, 94, 23, 94, 197 na 38. Ukizipanga, ya katikati ni 94. Mara ya pili zimetoka 16, 99, 23, 38, 197, 23 na 38, na mediani imeshuka hadi 38. Mara ya tatu ni 99, 141, 99, 94, 197, 16 na 141, na mediani ni 99. Kompyuta hurudia mchezo huu mara elfu kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Mtawanyiko wa hizo mediani elfu kadhaa ndio makadirio yako ya mashaka.

Kwa panya saba tu, jibu linaweza kupigwa hata bila kubahatisha, kwa kuwa namna zote za kuchota ni 823,543. Katika hizo, mediani huwa 94 kwa asilimia 31 hivi. Huwa 38 kwa asilimia 24, na 99 kwa asilimia 24 vilevile. Zile 23 na 141 hupata karibu asilimia 10 kila moja, na 16 na 197 asilimia moja moja. Kosa sanifu linakuwa siku 38. Ukikata asilimia mbili na nusu kila upande, unabaki na masafa ya kutoka siku 23 hadi 141.

Kundi lisilo na tiba, kwa njia hiyohiyo, linatoa kosa sanifu la siku 11 na nusu tu. Tofauti hiyo haiko kwenye idadi peke yake, maana tisa na saba havijaachana sana. Tazama majirani wa mediani. Huku 46 imezungukwa na 40, 51 na 52. Kule, chini ya 94 kuna pengo tupu hadi 38. Msongamano ule ambao kanuni ilitaka uutaje, kofia imeusoma yenyewe kutoka kwenye data.

Ukiyaunganisha makosa hayo mawili, tofauti ya siku 48 kati ya makundi ina kosa sanifu la siku 39 na nusu. Tofauti ni kubwa kuliko kosa lake kwa mara moja na robo tu. Kwa kawaida watakwimu hutaka ifike karibu mara mbili ndipo waanze kuiamini. Kwa hiyo tiba haijathibitishwa, wala haijakanushwa.

Njia hii ina mipaka. Vipimo vyako visitegemeane: ukimpima panya mmoja mara tano ukaandika vikaratasi vitano, kofia itakudanganya kuwa una panya watano, na kosa litaonekana dogo kuliko lilivyo. Namba zikiwa zimefanywa kuwa duara na nyingi zinafanana, mediani inaweza kuganda mahali pamoja, nawe ukadhani una uhakika. Ndiyo maana kabla ya kuandika kosa sanifu inafaa kuchora mediani zote ulizopata. Hapa mchoro ungeonyesha nguzo saba tu, kwa sababu panya saba hawawezi kutoa mediani ya nane.

Kuchota mara milioni badala ya elfu hakuongezi nguzo hata moja, na zile siku 38 hazipungui. Huenda mediani ya kweli ni 60, lakini kofiani hamna kikaratasi kilichoandikwa 60. Anayekitaka hana budi kupima panya zaidi.