"Naomba fomula ya kuhesabu maneno ya ki-"

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akimalizia tasnifu alituuliza hivyo tu. Mmoja akamjibu COUNTIF. Excel yake, ya Kifaransa kama nyingi za hapa kwetu, ikamwonyesha #NOM?, kwani humo fomula hiyo huitwa NB.SI, na sehemu zake kwa kawaida hutenganishwa kwa nukta-mkato. Tukairekebisha:

```
=NB.SI(A2:A301;"ki*")
```

Namba ikatoka, na kosa halisi likajificha ndani yake. Safu wima A ilikuwa na maneno, B ngeli zake, naye hakuwa ametuambia. Fomula hii hutazama herufi tu: huhesabu "kisu", lakini pia "kila", ambalo si nomino, tena huacha "chakula" na "choo", ambazo ni za ngeli ya 7. Kumbe alitaka ngeli, si herufi:

```
=NB.SI(B2:B301;7)
```

Hata hii huhesabu mara mbili neno lililoandikwa mara mbili. Kwa hiyo tulimuuliza tena: unataka mistari yote, au maneno tofauti? Hilo hakuwa amelifikiria, na jedwali lake lilikuwa limeshachapwa.