Umeme Ukikatika Siku Tatu, Nani Anaamua?

Desemba 2009 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na haukurudi hadi Machi 2010. Muda wote huo wenye biashara walitegemea jenereta. Umeme ukikatika saa mbili, kila mfanyakazi anajua la kufanya: anasubiri. Ukikatika siku tatu, yanaanza maswali ya nani anunue dizeli, kwa fedha ipi, na nini kizimwe ili kingine kiendelee. Ndiyo maana mpango wa kuendesha biashara wakati wa dharura huwa na ukurasa mmoja unaotaja watu na kazi zao.

Tuchukue duka la dawa lenye friji ya insulini, kompyuta ya mauzo na jenereta ya dizeli ya kVA 20. Jina la kwanza kwenye ukurasa ni la mwenye mamlaka ya kutangaza dharura, tuseme meneja, na chini yake msaidizi wake. Umeme ukipita dakika 30 bila kurudi, yeye ndiye anayesema sasa tunafuata mpango. Bila mtu huyo wafanyakazi hutazamana, kila mmoja akidhani utarudi sasa hivi. Msaidizi naye awe na ruhusa iliyoandikwa ya kutumia fedha hadi kiwango fulani. Nimeona mipango mizuri ikikwama hapo: dizeli imeisha, bosi yuko safarini, na hakuna anayethubutu kufungua droo.

Fedha hizo ziwe taslimu. Minara ya simu hutegemea betri na jenereta zake, na umeme ukichelewa sana mingine huzimika. Hapo simu haziiti na malipo ya simu hayapiti. Kwa hiyo ukurasa utaje pia mahali na saa ya kukutana ana kwa ana kila siku, kwa mfano saa mbili asubuhi hapo dukani.

Jenereta ina mwenyewe, mara nyingi mlinzi au fundi. Anaiwasha ikiwa nje, mbali na madirisha kwa sababu moshi wake unaua, na anaiacha itulie dakika chache kabla ya kuibebesha mzigo. Ikifanya kazi nusu ya uwezo wake, mashine ya ukubwa huo hunywa kama lita 3 kwa saa, kwa hiyo pipa la lita 200 halimalizi siku tatu mfululizo. Siku ya pili meneja anaamua: viyoyozi na mabango ya taa yanazimwa, na usiku friji inahamia kwenye jenereta ndogo ya petroli, inayotumia lita moja au pungufu kwa saa. Mafuta yaagizwe pipa likifika nusu, maana pampu za vituo vya mafuta nazo zinataka umeme.

Friji ni ya mfamasia. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mlango ukibaki umefungwa baridi hudumu saa chache tu. Mfamasia anasoma kipimajoto chenye kioo cha nje, haufungui mlango, na anaandika kila saa. Kosa la kawaida ni kukimbilia barafu na kuibandika juu ya chupa. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Mtandao nao una kazi zake. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Aliyelipia kampuni mbili ili moja imwokoe angeweza kukuta zote zinapita njia hiyohiyo. Ulize kabla ya kulipa. Wakati huo keshia anahamia kitabu cha risiti chenye namba mfululizo. Hapokei ujumbe wa malipo ulio kwenye simu ya mteja, kwa kuwa hawezi kuuthibitisha. Mtandao ukirudi, yeye anaingiza risiti kwenye mfumo huku mwenzake akihakiki namba moja baada ya nyingine, kabla mauzo mapya hayajaanza kuingizwa.

Umeme ukirudi, mlinzi asiukimbilie. Angoje nusu saa hivi, kwa sababu mara nyingi hupanda, hushuka na kukatika tena, na friji huungua hapo.

Yote haya hujaribiwa kabla. Agosti 2023 giza lilipoikumba Kenya, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na jenereta, lakini moja iligoma kuwaka. Washa yako kila mwezi ikiwa imebeba mzigo, na siku hiyohiyo soma majina yaliyo kwenye karatasi. La mtu aliyeacha kazi lifute, uandike la anayekuja kesho asubuhi.