Kadi ya 118 kwa 110

Saul "Canelo" Alvarez na Gennady Golovkin walipomaliza raundi 12 mjini Las Vegas, Septemba 16, 2017, watazamaji wengi walimwona Golovkin ameshinda, tena kwa tofauti ndogo. Jaji Dave Moretti aliona hivyo hivyo: 115 kwa 113. Don Trella akatoa sare, 114 kwa 114. Adalaide Byrd akampa Canelo ushindi wa 118 kwa 110, ukumbi ukazomea.

Katika ngumi za kulipwa, mshindi wa raundi hupata pointi 10 na mwenzake kwa kawaida 9. Kwa hiyo kadi ya Byrd ilimpa Canelo raundi 10 na kumwachia Golovkin mbili tu, ya 4 na ya 7. Usiku ule hakuna aliyeangushwa, na hesabu ya kampuni ya CompuBox ilionyesha Golovkin amefikisha ngumi 218, Canelo 169.

Hata hivyo jaji hahesabu ngumi tu. Huangalia zilizotua sawasawa, ulinzi, na nani anautawala ulingo. Golovkin alikuwa akisonga mbele muda wote. Canelo alirudi kwenye kamba, akikwepa na kujibu. Jaji anayependa ufundi huo anaweza kumpa Canelo raundi iliyobana, kisha nyingine, kisha nyingine. Kila raundi hufungiwa hesabu yake mara inapokwisha, na haijalishi imeshindwa kwa unywele au kwa kipigo: ni 10 kwa 9. Ndivyo pambano la karibu linavyoweza kuonekana kwenye kadi kama la upande mmoja. Bado, raundi 10 ni nyingi mno kuzitetea.

Lakini kadi hiyo iliharibu nini hasa? Kila jaji ana kura moja, na ukubwa wa tofauti hauongezi kitu. Byrd angempa Canelo 115 kwa 113, matokeo yangebaki sare. Anayestahili kutazamwa ni Trella, aliyempa Canelo raundi ya 7, ambayo hata Byrd alimpa Golovkin. Angefanya kama wenzake, kadi yake ingesomeka 115 kwa 113 na Golovkin angeshinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Hasira zote zikamwangukia Byrd.

Mashindano ya kupiga mbizi yenye majaji saba huondoa alama mbili za juu na mbili za chini kabla ya kujumlisha. Ulingoni kuna majaji watatu; hakuna wa kumwondoa.

Bob Bennett, mkurugenzi wa kamisheni ya michezo ya Nevada, alimtetea Byrd kuwa jaji mzuri aliyekuwa na usiku mbaya, ila akasema atapumzishwa kidogo mapambano makubwa. Wawili hao waliporudiana Septemba 2018, hakuwa mezani. Moretti alikuwepo, na safari hii 115 kwa 113 yake ilikwenda kwa Canelo, aliyeshinda.