Zuhura ya Gandhi

Kabla hajawa mzee wa kitambaa kimoja kiunoni, Mohandas Gandhi alikuwa kijana mtanashati. Alipofika London mwaka 1888 kusomea sheria, alishonesha suti ya jioni mtaa wa Bond Street kwa pauni 10, akamwomba kaka yake mkufu wa saa wa dhahabu, akaanza kujifunza dansi na fidla. Mnajimu wa Kihindi akisikia habari hiyo hutikisa kichwa kwa kuridhika, maana anaiona Malavya.

Malavya ni mojawapo ya yoga tano ziitwazo Panchamahapurusha. Yoga hapa si mazoezi ya viungo. Ni muungano wa sayari. Pancha ni tano, mahapurusha ni mtu mkuu. Mirihi huzaa Ruchaka, yoga ya ushujaa na ukamanda. Utaridi huzaa Bhadra, ya akili na ulimi. Mshtarii huzaa Hamsa, ya hekima na uchaji. Zohali huzaa Shasha, ya mamlaka juu ya watu wengi. Malavya ni ya Zuhura, nayo huahidi mavazi mazuri, muziki, ndoa na vipando. Jua na Mwezi hazimo.

Masharti ni mawili, na yote lazima yatimie. Kwanza sayari iwe katika nyota inayoimiliki au ile inayotukuzwa ndani yake. Kwa Zuhura hizo ni Ng'ombe, Mizani na Samaki. Pili, iwe katika nyumba ya 1, 4, 7 au 10, ukihesabu kuanzia lagna, yaani nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa. Hesabu ya Kihindi hutofautiana na ile ya magazeti yetu kwa digrii 24 hivi, kwa hiyo Zuhura unayeambiwa yumo Ng'ombe huenda kwa Wahindi bado yumo Punda. Hapo wengi hujivika yoga wasiyokuwa nayo.

Wengine huahidiwa enzi kwa sababu ya Shasha peke yake, na mimi sioni haki katika hilo. Zohali alikaa Mizani, anakotukuzwa, sehemu kubwa ya muda kati ya Novemba 2011 na Novemba 2014. Lagna hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na nyota nne kati ya kumi na mbili (Punda, Kaa, Mizani na Mbuzi) zinamweka Zohali huyo katika nyumba inayotakiwa. Maana yake karibu theluthi moja ya watoto wa miaka ile wana Shasha. Hawawezi kuwa watawala wote.

Ndiyo maana mnajimu makini haishii kwenye jina la yoga. Hutazama kama sayari iko karibu mno na Jua, kwa sababu hiyo husemwa imeungua na ahadi yake hufifia. Utaridi ndiye anayeumia zaidi, kwani hauachi Jua kwa zaidi ya digrii 28, na Bhadra nyingi huzaliwa zikiwa dhaifu. Kisha hutafuta dasha, kipindi cha maisha kinachotawaliwa na sayari hiyo. Cha Zuhura ni miaka 20. Kisipofika wakati mtu yuko hai na ana nguvu, yoga hukaa kama mbegu ghalani.

Sasa rudi kwa Gandhi, aliyezaliwa Porbandar, Gujarati, tarehe 2 Oktoba 1869. Wanajimu wengi wa India humpa lagna ya Mizani. Zuhura naye yumo Mizani, nyumba ya kwanza, mbali na Jua kwa digrii 37 hivi: Malavya safi, ingawa Mirihi amekaa naye bega kwa bega. Kwa hesabu ya kawaida dasha ya Zuhura ilianza akiwa na umri wa miaka kumi hivi, ikaisha akikaribia thelathini. Humo mna ndoa yake ya mwaka 1883, suti ya London, na nyumba nzuri aliyopanga Durban alipokuwa wakili. Alipovua kila kitu na kubaki na kitambaa kile, huko Madurai Septemba 1921, dasha hiyo ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini.

Ukiisoma hivyo, Malavya haikushindwa. Ilitoa na ikamaliza muda wake. Napenda usomaji huu, lakini nakiri umefanywa baada ya matukio kujulikana, na hapo ni rahisi kupata unachotafuta. Halafu saa ya kuzaliwa kwa Gandhi yenyewe ina ubishi. Wanaotaja takriban saa moja na dakika kumi asubuhi wanaiweka lagna mwishoni mwa Mashuke. Zuhura huyohuyo, bila kusogea hata kidogo angani, anaangukia nyumba ya pili, na Malavya haipo.