Taa Saba na Masharti Mawili

Chora mji kwenye karatasi. Nukta ni makutano, na kila mstari ni barabara inayounganisha makutano mawili. Taa moja ikisimikwa kwenye makutano huangaza barabara zote zinazofika hapo. Halmashauri ina idadi fulani ya taa, haina zaidi. Je, zinatosha kuangaza kila barabara ya mji?

Wanahisabati huliita swali hili kifuniko cha vipeo. Mtu akikuletea orodha ya makutano aliyoyachagua, kuikagua ni kazi ndogo: unahesabu taa, halafu unapita barabara moja moja ukiangalia kama angalau ncha yake moja ina taa. Shida iko katika kuitafuta orodha hiyo. Mji wenye makutano 60 na taa 30 una njia za kuchagua ambazo idadi yake ni namba ya tarakimu 18.

Maswali ambayo jibu lake la "ndiyo" hukaguliwa haraka hivyo yamewekwa kwenye kundi linaloitwa NP. Neno "haraka" lina maana maalumu hapa. Mji ukikua mara mbili, kazi inaweza kuongezeka mara nne au mara nane, na hilo linavumilika. Kisichovumilika ni kazi kuongezeka maradufu kila yanapoongezwa makutano mamoja tu.

Mwaka 1971 Stephen Cook, wa Chuo Kikuu cha Toronto, alithibitisha jambo la kushangaza. Ndani ya NP kuna swali moja ambalo mengine yote ya kundi hilo yanaweza kugeuzwa haraka yakawa ndilo. Leonid Levin alifikia matokeo ya namna hiyo peke yake huko Umoja wa Kisovieti, akayachapisha mwaka 1973. Swali lenyewe ni la utoshelevu: umepewa masharti yaliyoandikwa kwa herufi, kila herufi ni kweli au uongo, je, kuna namna ya kuzipanga herufi hizo masharti yote yakatimia kwa pamoja? Swali la NP lenye sifa hiyo huitwa NP-kamili. Atakayepata njia ya haraka ya kulijibu moja tu atakuwa ameyajibu yote, na mpaka leo hakuna aliyeipata.

Basi tukitaka kuthibitisha kwamba swali la taa nalo ni NP-kamili, kazi kubwa Cook ameshatufanyia. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba masharti yoyote yanaweza kugeuzwa yakawa mji. Mwelekeo huu ndio unaowakosesha wanafunzi wengi: wao hugeuza mji kuwa masharti, wakadhani wamemaliza. Kugeuza hivyo kunaonyesha tu kwamba taa hazizidi masharti kwa ugumu. Tunachotaka ni kinyume chake, yaani mwenye njia ya haraka ya kupanga taa apate papo hapo njia ya haraka ya kutimiza masharti.

Tuchukue masharti yenye vipande vitatu kila moja. Sharti refu hukatwa vipande kwa kuongeza herufi ya msaada, na fupi hurefushwa kwa kurudia kipande, kwa hiyo hatupotezi kitu. Mfano wetu una herufi A, B na C, na masharti mawili:

(A au B au C)
(si-A au si-B au C)

Mji unajengwa hivi. Kwa kila herufi, weka makutano mawili, moja la herufi na jingine la kinyume chake, uyaunganishe kwa barabara: A na si-A, B na si-B, C na si-C. Kwa kila sharti, chora pembetatu yenye kona tatu, kila kona ikibeba jina la kipande kimoja. Mwisho, toa barabara ya kiungo kutoka kila kona ya pembetatu hadi kwenye makutano ya herufi yenye jina hilo hilo. Tumepata makutano 12 na barabara 15. Idadi ya taa tunaiweka kuwa moja kwa kila herufi na mbili kwa kila sharti: 3 na 4, jumla 7.

Jaribu A kweli, B uongo, C uongo. Masharti yote mawili yanatimia. Simika taa kwenye A, si-B na si-C. Pembetatu ya kwanza imetimizwa na A, kwa hiyo kona yake ya A inaachwa bila taa, na kona za B na C zinapewa. Ya pili imetimizwa na si-B. Kona hiyo inaachwa, nyingine mbili zinapewa. Hesabu: taa saba. Pita sasa kwenye viungo. Kiungo cha kona iliyoachwa kinaangazwa kutoka upande wa pili, kwenye makutano ya herufi, kwa sababu kipande hicho ni kweli. Hakuna barabara iliyobaki gizani.

Lakini huo ni upande mmoja wa uthibitisho, na anayeishia hapo hajathibitisha kitu. Lazima tuonyeshe pia kwamba taa saba zikitosha, masharti yanatimizika. Hapa ndipo uzuri wa hesabu ile ya 3 na 4 unapoonekana. Barabara inayounganisha A na si-A haiwezi kuangazwa bila taa angalau moja kwenye ncha zake, na ni hivyo kwa kila herufi. Pembetatu nayo haiwezi kuangazwa na taa moja, maana upande unaoikabili kona hiyo hubaki gizani, inahitaji mbili. Kima cha chini kimeshafika saba, hivyo hakuna taa ya ziada: kila herufi ina moja kamili, kila pembetatu ina mbili kamili. Kona ya tatu haina taa, na kiungo chake hakina budi kuangazwa kutoka kwenye makutano ya herufi. Soma taa za herufi kama kweli zake, na kila sharti lina kipande kilichotimia.

Tuangalie masharti yasiyotimizika: (A au A au A) na (si-A au si-A au si-A). Kipimo ni 1 na 4, yaani taa 5. Ukisimika taa kwenye A, viungo vyote vitatu vya pembetatu ya pili vinakosa mwanga kutoka upande wa si-A, na kona zake zote tatu zinadai taa. Jumla inakuwa 6. Ukianza na si-A, yale yale yanatokea upande wa pili. Kama ungeruhusu hiyo taa moja ya ziada, mji ungeangazwa wakati masharti hayatimizwi, na uthibitisho wote ungeanguka.

Inabaki kukagua ukubwa wa mji. Kila herufi inatoa makutano mawili na barabara moja. Kila sharti, makutano matatu na barabara sita. Masharti elfu moja yatajenga mji wa barabara elfu kadhaa tu, na kuuchora hakuhitaji kujua kama masharti yanatimizika.

Mwaka 1972 Richard Karp aliliweka swali hili katika orodha yake ya maswali 21 yaliyo NP-kamili, ingawa yeye alipitia njia nyingine. Njia ya pembetatu imo katika kitabu cha Michael Garey na David Johnson cha mwaka 1979.

Uthibitisho huu hausemi kwamba kila mji ni mgumu. Makutano yakigawanyika pande mbili, na kila barabara ikatoka upande mmoja kwenda mwingine, idadi ndogo kabisa ya taa hupatikana haraka. Na kwa mji wowote ule, anayekubali kutumia taa nyingi kuliko kima cha chini ana njia nyepesi: atafute barabara iliyo gizani, asimike taa kwenye ncha zake zote mbili, arudie mpaka ziishe. Barabara alizozichagua hazishiriki ncha, na kila moja ingedai taa yake hata kwa mpangaji bora kuliko wote, kwa hiyo hawezi kutumia zaidi ya mara mbili ya idadi iliyohitajika.