Dau Linaloshindwa Mara Nyingi na Bado Linalipa

Watu wanaobeti mpira hupenda kuulizana swali moja: nani atashinda? Swali hilo peke yake halitoshi. Anayepiga hesabu huuliza pia: nikishinda nalipwa kiasi gani, na malipo hayo yanalingana na hatari ninayobeba? Jibu lake huitwa thamani tarajiwa, yaani wastani wa faida au hasara ambayo dau moja lingekuachia kama ungeliweka mara nyingi sana katika hali ileile.

Chukua mechi ya mfano. Kampuni imeipa timu ya nyumbani odi 1.50, sare 4.00, na timu ya ugenini 6.00. Tuseme uwezekano halisi wa matokeo hayo ni asilimia 60, 20 na 20. Dau ni shilingi 1,000.

Wengi watakimbilia timu ya nyumbani, kwa kuwa hushinda mara 60 kati ya 100. Ikishinda, odi ya 1.50 inakurudishia 1,500, kwa hiyo faida ni 500 tu. Ikishindwa au kutoka sare, 1,000 yako imekwenda. Hesabu yake ni hii: 0.60 × 500 − 0.40 × 1,000 = 300 − 400 = −100. Dau linaloshinda mara nyingi linakula shilingi 100 katika kila 1,000.

Sasa ugeukie wageni. Mara 80 kati ya 100 mkeka utachanika. Lakini zile mara 20 wanaposhinda, unarudishiwa 6,000, yaani faida ya 5,000. Hesabu: 0.20 × 5,000 − 0.80 × 1,000 = 1,000 − 800 = +200. Katika madau 100 ya aina hii, ushindi 20 ungeingiza 100,000 na vipigo 80 vingetoa 80,000. Zinabaki 20,000, ingawa umeshindwa mara nne katika kila mara tano.

Kuna njia ya mkato ya kukagua dau lolote: gawanya 100 kwa odi. Kwa odi 6.00 unapata 16.7. Hicho ndicho kizingiti: wageni wakishinda zaidi ya asilimia 16.7 ya mara, dau linalipa. Wakishinda chini ya hapo, linakula. Kwa odi 1.50 kizingiti ni 66.7, na timu yenye uwezekano wa asilimia 60 haikifikii.

Ukijumlisha vizingiti vya matokeo yote matatu, 66.7, 25 na 16.7, unapata kama 108, wakati uwezekano wa kweli hauwezi kuzidi 100. Ile ziada ya 8 ndiyo kinga ya kampuni. Kwa sababu hiyo madau mengi yana thamani hasi, na anayechagua bila hesabu hupoteza polepole hata akishinda mara kwa mara.

Kipengele kigumu ni ile asilimia 20. Dadu tunajua lina nyuso sita; timu haina nyuso za kuhesabu, hivyo uwezekano wake unakadiriwa tu. Ukidhani ni 20 kumbe ni 15, hesabu inageuka: 0.15 × 5,000 − 0.85 × 1,000 = −100. Kosa la asilimia 5 limegeuza faida kuwa hasara. Kodi nayo hupunguza malipo. Tuseme inakatwa asilimia 10 ya faida: 5,000 inakuwa 4,500, na ile +200 inashuka hadi +100.

Hata ukikadiria sawasawa, bahati huficha ukweli kwa muda mrefu. Kushindwa mara 10 mfululizo kwa dau hili kuna uwezekano wa karibu asilimia 11. Hata baada ya madau 100, bado kuna uwezekano wa takriban asilimia 19 kwamba uko kwenye hasara. Kwa hiyo anayeweka robo ya fedha zake kwenye dau moja anaweza kufilisika kabla wastani haujajitokeza, ijapokuwa hesabu yake ilikuwa sahihi.

Matokeo ya wiki moja, basi, hayathibitishi kitu. Dalili yenye uzito zaidi ni mwendo wa odi. Ukichukua 6.00 na kabla ya mechi kuanza ikashuka hadi 5.00, kampuni yenyewe imeongeza uwezekano inaoupa timu hiyo. Ikitokea hivyo mara kwa mara, makadirio yako yana msingi, hata kama mkeka wa leo umechanika. Odi zikipanda kila ukishaweka dau, kuna uwezekano mkubwa kwamba ile asilimia 20 iko kichwani mwako tu.